Beti za kulinganisha: hesabu yake, na mahali inapovunjika

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kisauni alinionyesha ujumbe alioupata Telegramu. Anatakiwa alipe shilingi 4,500 afunzwe njia ya kupata pesa katika kampuni za kubeti "bila kamari na bila hasara." Aliniuliza kama ni utapeli. Nilimjibu kwamba njia yenyewe ipo kweli, ina hesabu yake, na watu Uingereza wameila pesa kwa miaka mingi. Anachouziwa yeye ni kitu kingine. Naandika hapa kwa sababu baada yake wameniuliza wengine watatu, na mmoja wao ni mama mwenye mtoto Leicester aliyemwambia kwamba sasa analipa kodi ya nyumba kwa njia hiyo.

Mimi nimeijua kwa mpwa wangu, anayefanya kazi za usiku katika ghala huko Birmingham. Aliponipigia mara ya kwanza kunieleza, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliniambia, "Mjomba, hii si kamari, ni hisabati." Nikamwambia aniandikie hiyo hisabati yote kwenye karatasi. Mtoto akaandika kweli, beti kwa beti, miezi mitano. Mengi ya haya nimeyatoa katika daftari lake.

Waingereza huita "machdi beting". Mimi nitaita beti za kulinganisha. Msingi wake ni kwamba kampuni za kubeti za huko hugombania wateja kwa kuwapa beti za bure. Tangazo la kawaida husema: weka beti ya pauni 10, nasi tutakupa beti ya bure ya pauni 30. Mtu wa kawaida huichukua, akabeti anavyopenda, na mara nyingi zote zikaenda. Anayelinganisha hataki kubahatisha nani atashinda. Anabeti pande zote mbili, ili mechi iishe itakavyoisha, abaki na sehemu ya ile zawadi.

Kubeti upande wa pili kunahitaji kitu ambacho kwetu hakijazoeleka, nacho ni soko la kubeti. Linalojulikana zaidi ni Betfair, lililoanza mwaka 2000. Sokoni hubeti na kampuni. Hubeti na mtu mwingine aliye na fikra tofauti na yako, na soko hukata kamisheni kwa anayeshinda. Na kwa kuwa ni watu wawili, mmoja lazima awe anakataa. Wewe ukisema timu fulani itashinda, kuna mwenzio anayesema haitashinda, awe amefungwa au ametoka sare. Kwa hivyo sokoni unaweza kukaa katika kiti cha yule anayekataa. Hapo unakuwa kama mwenye kampuni: timu ikishindwa kushinda unachukua dau la mwenzio, ikishinda unamlipa. Pesa ambayo ungemlipa huzuiwa na soko tangu mwanzo. Mimi naiita dhima.

Tuchukue beti ya kwanza katika daftari. Mpwa wangu aliweka pauni 10 kwa kampuni, timu ya nyumbani ishinde, odi 3.0. Maana yake akipata anarudishiwa pauni 30, dau lake likiwamo, yaani faida 20. Sokoni timu hiyo hiyo ilikuwa inakataliwa kwa odi 3.1, na kamisheni ni asilimia 5. Ili pande zilingane, unazidisha dau lako na odi ya kampuni, kisha unagawa kwa odi ya soko ukiwa umeitoa kamisheni:

```
10 x 3.0 / (3.1 - 0.05) = 9.84
```

Akakataa kwa pauni 9.84. Dhima yake ilikuwa 9.84 mara 2.1, pauni 20.66. Timu ikishinda, kampuni inampa faida 20 na soko linamkata 20.66, amepoteza senti 66. Isiposhinda, kampuni imekula 10 zake, na sokoni anapata 9.84 kutoa kamisheni, ambazo ni 9.35; amepoteza senti 65. Kwa hivyo beti hii ya kwanza haina faida, ni hasara ndogo inayojulikana mapema. Ni kama nauli ya kuifikia ile ya bure.

Beti ya bure ya pauni 30 ikaja siku ya pili. Kumbuka kampuni nyingi hazikupi dau lenyewe. Ukishinda unapata faida tu. Ndiyo sababu hutafuta odi kubwa kwa beti ya bure. Alipata timu kwa odi 5.0, sokoni 5.2. Hapa kwenye hesabu unaondoa moja katika odi ya kampuni, maana dau halirudi:

```
30 x (5.0 - 1) / (5.2 - 0.05) = 23.30
```

Dhima ikawa 23.30 mara 4.2, pauni 97.86. Timu ikishinda, kampuni inalipa 120, soko linakata 97.86, anabaki na 22.14. Isiposhinda, kampuni haimdai kitu, na sokoni anapata 23.30 kutoa kamisheni, tena 22.14. Ukitoa zile senti 66 za kwanza, amepata kama pauni 21 na nusu. Na Uingereza mteja hatozwi kodi kwa pesa ya kubeti; kodi iliyokuwa ikimwangukia mteja iliondolewa mwaka 2001.

Hiyo ndiyo hisabati yote, na ni sahihi. Lakini tazama tayari jambo moja ambalo wauzaji wa kozi hawalisemi. Ili apate pauni 21, aliweka pauni 97.86 zikazuiliwa sokoni hadi mechi iishe. Timu ilipoanza kushinda, pesa hizo ziliondoka sokoni na faida ikaonekana kule kwa kampuni. Mtu mwenye pauni 60 mfukoni hawezi kuifanya beti hii. Na hiyo hisabati inasimama juu ya sharti moja: kwamba pande zote mbili zitakubali dau lako, na zitahukumu mechi moja kwa namna moja. Hapo ndipo daftari la mpwa wangu linapoanza kuwa na wino mwekundu.

Wino mwekundu wa kwanza ni mechi ya tenisi. Alitakiwa kuweka pauni 50 ili apate zawadi fulani. Akachagua mchezaji kwa odi 2.0, sokoni 2.04. Akakataa kwa pauni 50.25, dhima 52.26. Hasara aliyoitarajia kila upande ilikuwa pauni 2.26. Mchezaji wake akachukua seti ya kwanza, na katikati ya seti ya pili mpinzani akaumia mguu, akapeana mkono, akatoka. Mchezaji wake akasonga mbele.

Kanuni ya soko lile ilikuwa: seti moja ikishakamilika, anayesonga mbele ndiye mshindi. Kwa hivyo sokoni alihesabiwa amekosea, na pauni 52.26 zikaenda. Kanuni ya kampuni ile ilikuwa: mechi isipokamilika, beti ni batili. Ikamrudishia pauni zake 50, bila faida. Badala ya kupoteza pauni 2.26 akapoteza 52.26, na hakuna aliyekosea. Kila upande ulifuata kanuni yake iliyoandikwa. Aliponisimulia alikuwa bado anasema ameibiwa. Nilimuuliza kama aliisoma ile kanuni kabla. Akacheka kidogo.

Na lau angeumia yule mchezaji wake, kampuni ingemrudishia 50 na soko lingempa 47.74. Angepata faida kubwa kwa bahati ya mguu wa mtu. Sasa niambie hapo hisabati iko wapi. Nafasi ile kati ya kanuni mbili ni kamari kamili, tena ya mtu asiyejua kwamba anacheza. Tenisi ndiyo maarufu kwa hili, lakini limo pia katika mechi za mpira zinazokatishwa kwa mvua au fujo, katika beti za mfungaji, na katika mbio za farasi ambapo farasi mmoja akitolewa dakika za mwisho, kampuni hukata malipo kwa kiwango chake na soko kwa kiwango chake. Wazoefu hukaa katika matokeo ya kawaida ya mpira ya dakika 90, ambayo karibu kila mtu huyahukumu sawa. Hata hapo ni lazima uhakikishe kama beti yako ni ya dakika 90 au ni ya "nani atafuzu".

Makosa ya kweli ya malipo nayo yapo. Karani wa kampuni au mashine huingiza matokeo yasiyo sahihi, beti iliyoshinda ikaandikwa imekosa. Hilo si gumu sana: unaandika, unatuma nambari ya beti, wanarekebisha. Gumu ni kinyume chake. Beti yako imekosa, wao wamelipa kimakosa, wewe umeona salio limeongezeka, ukaitoa pesa au ukaitumia kwa beti nyingine. Siku mbili baadaye wanarudi kuichukua, na kanuni zao huwapa ruhusa. Mpwa wangu alikuta salio lake limeandikwa hasi. Ikiwa unalinganisha, njia ya kutambua ni nyepesi: kampuni na soko haziwezi zote mbili kukulipa kwa matokeo yale yale. Ukiona zote zimekulipa, usifurahi, usiiguse.

Ndugu yake kosa hilo ni odi zilizoandikwa kimakosa. Tuseme timu imara ambayo kila mahali ina odi 1.5, kampuni moja kidole cha mtu kimeteleza ikaandikwa 15. Mgeni wa mambo haya huona dhahabu. Anaweka pauni 10 kwa kampuni, na hesabu inamwambia akatae sokoni, kwa odi 1.6, kwa pauni 96.77, dhima 58.06. Timu imara inashinda, kama ilivyotarajiwa. Kampuni inasema: odi ile ilikuwa kosa la wazi, tunakulipa kwa 1.5. Anapata faida pauni 5, na sokoni amekatwa 58.06. Hasara pauni 53. Kampuni karibu zote zina kifungu hiki katika masharti yao, na soko halitambatilishia beti kwa kosa la mtu mwingine. Odi ya kampuni ikiwa juu sana kuliko ya wengine wote, hiyo si zawadi.

Sasa nije kwenye lile linalommaliza kila mmoja wao mwishowe, nalo ni kubanwa. Kampuni ya kubeti Uingereza haikulazimishwa na sheria kupokea dau lako. Ni kama duka. Mwenye duka anaweza kukuuzia nusu kilo na kukataa kukuuzia gunia. Nao si wajinga. Wanamwona mteja anayekuja siku za zawadi tu, anayechukua kila mara odi ambayo iko karibu na ya soko au juu yake, asiyebeti timu anayoipenda, asiyeweka mkeka wa mechi nane Jumamosi kama watu wengine. Mteja wa namna hiyo hana faida kwao.

Kubanwa kuna sura mbili. Ya kwanza ni kunyimwa zawadi: inakuja barua pepe fupi kwamba kuanzia leo hutapata matoleo yetu, lakini unakaribishwa kuendelea kubeti. Ya pili ni kupunguziwa dau. Unaandika pauni 25, mashine inakujibu kwamba kwa mechi hii tunapokea pauni 1.40. Katika daftari la mpwa wangu, kati ya kampuni 11 alizofungua, 8 zilimbana ndani ya miezi mitano, na mbili kati ya hizo zilimbana kabla hajamaliza wiki ya tatu.

Kupunguziwa dau kunaudhi, lakini kunakuwa hatari kukikukuta katikati ya njia. Kuna siku alianza na soko kwanza, kwa kuwa odi zilikuwa zinakimbia. Akakataa kwa pauni 23, dhima ikiwa karibu pauni 97. Akaenda kwa kampuni kuweka upande wa pili, akaambiwa kiwango chake ni pauni 2. Sasa ameketi na upande mmoja tu, mechi inaanza baada ya dakika nne. Alilazimika kununua beti ile sokoni kwa odi mbaya, akatoka na hasara ya pauni 6, na mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo huanza na kampuni kila mara, halafu soko. Hilo nalo lina ubaya wake: ukishaweka kwa kampuni, odi ya soko inaweza kuruka, au usipate mtu wa kuipokea beti yako yote, hasa mechi ndogo zisizo na watu. Ukiona imepokewa nusu, nusu iliyobaki ni kamari yako tupu.

Kuna pia kufungiwa pesa. Kampuni huomba kitambulisho, uthibitisho wa makazi, na wakati mwingine karatasi za benki kuonyesha pesa imetoka wapi. Zina haki hiyo na mara nyingine ni wajibu wao kisheria. Lakini wakati wanakagua, pauni zako 120 zimelala huko, na sokoni dhima imekwisha kukatwa. Kwa mwenye mshahara wa wiki hadi wiki, hiyo ni pesa ya chakula. Ukiwa na mgogoro wa haki na kampuni iliyopewa leseni kule, unawasilisha malalamiko kwao kwanza, na wiki 8 zikipita bila ya kuafikiana unaweza kwenda kwa msuluhishi huru, kama IBAS, bila malipo. Unachohitaji ni nambari ya beti, saa, na picha ya skrini ya odi uliyokubaliwa. Lakini ukienda kulalamika kwamba umepunguziwa dau, utarudi mikono mitupu, kwa sababu hilo ni hiari ya mwenye duka.

Mtu akishabanwa huanza kutafuta majina mengine. Mke, ndugu, mpangaji mwenzake. Hapa ndipo nilipomkalia mpwa wangu vikali. Kufungua akaunti kwa jina la mtu mwingine ni kuvunja mkataba, kampuni inaweza kuzuia salio lote, na ukitumia vitambulisho vya watu unaweza kujikuta katika kesi ya ulaghai. Na hapa ndipo inapotufikia sisi. Yule kijana wa Kisauni, katika kozi yake ya shilingi 4,500, "hatua ya pili" ilikuwa apeleke picha ya kitambulisho chake pande zote mbili, picha ya uso, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Wale hawamfunzi kubeti. Wanakusanya majina.

Je, hesabu hii inaweza kufanywa hapa Mombasa? Wauzaji husema ndiyo: badala ya soko, gawa dau katika kampuni tatu, moja nyumbani ishinde, nyingine sare, nyingine ugenini. Tufanye hesabu. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, pesa inayoingia katika pochi ya kubeti hukatwa ushuru wa asilimia 5, na inapotolewa hukatwa kodi ya asilimia 5. Ukiweka shilingi 3,000 kwa kampuni tatu, zinaingia 2,850. Tuseme ni miujiza, umelinganisha bila kupoteza hata senti, na zote 2,850 zimerudi. Ukizitoa unapata 2,707.50. Umepoteza shilingi 292.50 kabla ya kuhesabu kwamba odi za kampuni tatu zikikusanywa huwa na faida ya wenyewe ndani yake. Beti ya bure ya shilingi 50 au 100, tena ya mkeka wa mechi nyingi, hailijazi shimo hilo.

Najua wasomaji wangu wengine wanangoja nifike kwenye dini, na swali hili nimeulizwa pia na mpwa wangu mwenyewe: ikiwa sina ninachobahatisha, ni maysir bado? Nilimpelekea maalim wetu baada ya Alasiri, nikamweleza mambo ya soko na dhima. Alisikiliza vizuri, akauliza swali moja: "Dau la kwanza, hizo pauni 10, kaziweka juu ya nini?" Nikasema juu ya mechi. Akasema basi kamari mbili zilizowekwa mgongo kwa mgongo hazizai biashara, na aya ya Suratul Maida inajulikana. Nilimpelekea mpwa wangu jawabu hilo kama lilivyo.

Hakunijibu kwa wiki mbili. Kisha akanitumia ukurasa wa mwisho wa daftari. Miezi mitano, faida pauni 640 baada ya kutoa tenisi na mengine. Saa alizokaa mbele ya simu alizihesabu pia, akipunguza usingizi baada ya zamu ya usiku: ni zaidi ya 190. Yaani pauni 3 na senti kidogo kwa saa, wakati ghala linamlipa mara kadhaa ya hiyo. Kampuni tatu zilizobaki amezifunga mwenyewe. Pauni 85 bado ziko katika akaunti moja, wanasubiri karatasi ya benki.